Kuikagua Filamu ya Mateso kwa Ajili ya Rafiki Mmoja

Majuma ya mwisho ya Kwaresima yakikaribia, kuna filamu moja ambayo katika parokia zetu huanza kutafutwa. Vijana wanaulizana nani anayo kwenye flashi, katekista anauliza kama projekta ya parokia bado inafanya kazi, na mwenyekiti wa jumuiya anataka kujua kama jenereta lina mafuta. Filamu hiyo ni The Passion of the Christ ya Mel Gibson. Ilianza kuonyeshwa Jumatano ya Majivu, tarehe 25 Februari 2004, ina urefu wa dakika 127, na wahusika wake wanasema Kiaramu, Kilatini na Kiebrania, kwa hiyo hata anayejua Kiingereza analazimika kusoma maandishi ya chini kama sisi wengine.

Kila inapoonyeshwa, yuko anayeinuka katikati na kutoka nje ameshika mdomo. Sisi tunaobaki ndani tunasema, “Ameguswa.” Wengine wameguswa kweli, na kutoka kwao ni sala. Lakini wapo wanaotoka kwa sababu filamu imegonga kidonda ambacho hakuna aliyejua kipo, au alijua na hakufikiri. Huyo wa pili ndiye ninayemwandikia leo, au tuseme ninamwandikia rafiki yake anayetaka kumwalika. Nitaeleza jinsi ya kuikagua filamu kwa ajili ya mtu mmoja unayemfahamu, na nitatumia filamu hii hii kwa kuwa ndiyo tunayoitumia zaidi.

Nianze na dhana inayotudanganya sana: kwamba hadithi hii tunaijua. Tumesikia Mateso yakiimbwa kila Ijumaa Kuu, tumefanya Njia ya Msalaba tangu utotoni, basi tunaona hakuna cha kukagua. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya yale yanayotisha katika filamu hii hayamo katika Injili yoyote. Mengine yametoka katika maono yanayohusishwa na Mwenyeheri Anna Katarina Emmerich, mtawa wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1824. Mengine ni ubunifu wa mwongozaji mwenyewe. Yesu akiwa amefungwa minyororo anasukumwa kutoka darajani na kuning'inia. Shetani anapita katikati ya askari amebeba kitoto cha kuchukiza wakati Bwana anapigwa. Kunguru anamdonoa jicho yule mwizi asiyetubu. Mwinjili hakuandika hata moja kati ya hayo. Anayejua Injili kwa moyo bado hajui atakachokutana nacho kwenye kitambaa cheupe pale ukumbini.

Dhana ya pili ni kwamba alama ya umri inatosha. Alama hizo zina kazi yake. Kanisa lenyewe lilitambua mapema haja ya kuwaongoza watu kuhusu filamu: Papa Pius XI, katika waraka Vigilanti Cura wa mwaka 1936, alitaka katika kila nchi iwepo ofisi ya kuzipitia filamu na kuwaambia waamini ipi inafaa kwa nani. Kwetu Tanzania kazi ya kiserikali ya kukagua na kupanga madaraja iko kwa Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976. Filamu hii ya Mateso ilipewa Marekani daraja R, yaani kijana wa chini ya miaka 17 asiingie bila mtu mzima, na Uingereza ikapewa 18. Daraja linakwambia filamu ni kali. Halikwambii ni kali kwa nani. Mwalimu wa miaka 50 aliyemzika mtoto wake mwezi uliopita anaruhusiwa na kila daraja duniani.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa mtu, filamu inafuata.

Mwaka mmoja nikiwa katika kazi za kichungaji kwenye parokia moja ya hapa Singida, jumuiya mbili ziliungana kuitazama filamu hii jioni ya Jumatano ya Juma Kuu. Mmoja wa wanakwaya alikuwa dada mmoja ambaye mdogo wake wa kiume alikuwa amejinyonga, na ulikuwa haujapita mwaka na nusu tangu msiba ule. (Nimebadili mambo madogomadogo asitambulike, naye amesoma makala hii kabla ya kuchapwa.) Wenzake walitaka sana awepo. Kwa muda mrefu alikuwa haji kwenye mambo ya jumuiya, na waliona hii ni nafasi ya kumrudisha. Niliombwa nimwalike mimi, kwa kuwa tulikuwa tunaelewana.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimwambia mtu, “Dada, kuna damu nyingi, utaweza?” umeshampangia jibu. Atasema ataweza, maana nani anataka kuonekana dhaifu mbele ya frateri? Tena swali lenyewe limechagua damu kuwa ndiyo tatizo, na kwa huyu damu haikuwa tatizo hata kidogo. Nilimuuliza hivi: “Kuna filamu tunataka kuiangalia. Kabla sijakualika nitaipitia mwenyewe. Kuna kitu chochote ambacho usingependa kikukute bila kukitegemea? Sihitaji kujua sababu.” Sentensi ile ya mwisho inafungua mlango, kwa sababu mtu anaweza kutaja kitu bila kulazimika kuutoa moyo wake. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Kamba.” Sikuuliza zaidi, ingawa nilijua.

Ukishapata neno kama hilo, unajua unatafuta nini. Bila neno hilo utakagua kwa macho yako mwenyewe, na macho yako yanaona vinavyokutisha wewe.

Jambo la haraka ambalo wengi wetu hufanya ni kuwauliza waliokwisha kuitazama. Niliwauliza mafrateri watatu pamoja na kijana anayeendesha projekta. Wote walitaja kupigwa kwa Yesu, wawili wakataja misumari. Hakuna aliyemtaja Yuda mpaka nilipomtaja mimi, na hapo mmoja akasema, “Ah, ile ni fupi tu.” Sikumlaumu. Kumbukumbu hubakiza kile kilichomgusa mwenye kumbukumbu na kukifupisha kile kisichomhusu. Hili ni kweli pia kwa orodha za mitandaoni. Upo mtandao mmoja, doesthedogdie.com, ambao watazamaji hupiga kura ya ndiyo au hapana kuhusu mambo mengi yanayosumbua watu: kama mnyama anakufa, kama mtu anajiua, kama kuna mtoto anayeumizwa, na kadhalika. Unasaidia sana kukwambia kama kitu kipo. Lakini “ndiyo” haikwambii kinachukua muda gani, kinaonekana kwa karibu au kwa mbali, na kama kinatangulizwa na dalili yoyote. Na kitu ambacho hakuna aliyekiulizia hakitakuwa na kura.

Njia nyingine ambayo frateri mmoja mjanja alinipendekezea ni kufungua faili la maandishi ya chini na kutafuta maneno kama “kifo” au “kamba”. Kwa filamu za maongezi mengi si wazo baya. Kwa hii inashindwa, na inafaa kujua kwa nini: vipande vyake vizito karibu havina maneno. Wakati wa kupigwa mijeledi, kinachosemwa zaidi ni askari kuhesabu mapigo kwa Kilatini. Yuda anakwenda kufa bila kusema lolote la maana. Anayesoma maandishi tu atadhani hapo hakutokea kitu.

Inabaki njia moja ya kuaminika, nayo ni kukaa kuitazama yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukiwa na daftari. Tena utazame nakala ile ile itakayoonyeshwa, maana zipo tofauti. Mwaka 2005 Gibson mwenyewe alitoa toleo lililopunguzwa dakika kama tano au sita za vipande vikali. Zipo pia nakala zinazozunguka mitaani zilizotiwa sauti ya msimuliaji wa Kiswahili, na kwenye nakala za namna hiyo muziki na ukimya wa filamu humezwa na maelezo ya msimuliaji, ambaye wakati mwingine hukutangazia kinachokuja na wakati mwingine hukizidisha chumvi. Dakika ulizoandika kutoka nakala moja hazitalingana na nakala nyingine. Nililichukua flashi la yule kijana wa projekta siku tano kabla, nikaitazama usiku mmoja kwenye laptopu, na vipande vitatu nikavirudia siku iliyofuata ukumbini kwa spika zile zile za parokia. Nitaeleza baadaye kwa nini spika.

Daftarini, kwa kila kipande kinachotia shaka, niliandika mambo manne. La kwanza, dakika kinapoanza na dakika kinapokwisha, kama zinavyosomeka chini ya kioo. La pili, dalili inayotangulia, yaani kitu cha mwisho kinachoonekana kabla ya kipande kuanza, ili hata saa ikipotea mtu ajue kuwa kimefika. La tatu, kinachoonekana na kinachosikika, vikiandikwa mbalimbali. La nne, mtazamaji anapoteza nini katika hadithi akikikosa. Hilo la nne watu hulisahau, na ndilo linalomfanya rafiki yako asijisikie mjinga anaporudi na kukuta wenzake wanalia.

Sasa tuje kwa Yuda.

Mathayo anasimulia kifo chake kwa mstari mmoja: alizitupa fedha hekaluni, akaenda, akajinyonga. Katika filamu jambo hili limetanuliwa na kuwa safari nzima. Yuda amerudisha fedha na kukataliwa, amejikunyata, mdomo wake umechubuka. Watoto wanamjia. Mwanzoni wanamwuliza hali kama watoto wowote wanavyomwuliza mtu mzima anayelia. Kisha nyuso zao zinageuka. Wanakuwa kundi, wanamkimbiza hadi nje ya mji, na Shetani yumo katikati yao. Halafu ghafla hakuna mtu, jangwa tupu. Kando yake uko mzoga wa punda umejaa nzi na mabuu, na shingoni mwa mzoga iko kamba. Anaitazama. Kisha tunamwona ametundikwa mtini.

Niliporudia kukitazama niligundua jambo ambalo sikulitegemea. Kule kuning'inia kwenyewe ni kufupi, yule frateri alikuwa sahihi. Kirefu ni kinachotangulia: mtu anayeandamwa na kitu ambacho wengine hawakioni, hapati msaada, na hatimaye jicho lake linatua kwenye kamba. Kwa mtu aliyempoteza ndugu kwa njia hii, sehemu iliyo nzito zaidi yaweza kuwa ni hapo. Kwa miezi mingi amekuwa akijiuliza saa za mwisho za ndugu yake zilikuwaje, na filamu inamletea jibu lililochorwa na mtu mwingine, lenye mashetani ndani yake. Kwa hiyo kipande cha kuepuka hakianzi kwenye mti. Kinaanza watoto wanapomkaribia Yuda. Dalili yangu daftarini ilikuwa: “Yuda amejikunyata peke yake, watoto wanakuja.” Na mwisho wake: “Yesu anapelekwa kwa Pilato.” Yote haya yanakuwa yamepita kabla ya theluthi ya kwanza ya filamu kwisha.

Kosa la kukagua kwa haraka lingekuwa kuandika dakika ya mti peke yake, kisha kumwambia, “Nikikugusa bega, fumba macho.” Angefumba macho akiwa ameshayaona yote yaliyomuumiza.

Hapa inabidi nitofautishe tukio na mada. Tukio unaweza kuliruka kwa rimoti. Mada haina dakika, imekaa ndani ya filamu nzima. Mada iliyonisumbua ni hii: filamu inamwonyesha Yuda kama mtu aliyekwisha kukabidhiwa kwa giza kabla hajafa. Mtazamaji anayelia ndugu yake atatoka na swali ambalo pengine tayari watu wa kijijini wameshamjibu vibaya, kwamba aliyejinyonga amepotea na hana haja ya kuombewa. Mafundisho ya Kanisa hayasemi hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2280 hadi 2283, inafundisha kuwa kujiua ni kosa zito dhidi ya uhai, lakini pia kwamba matatizo makubwa ya kisaikolojia, uchungu au hofu kubwa ya mateso yaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba hatupaswi kukata tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojitoa uhai, maana Mungu anazo njia anazozijua Yeye peke yake. Kanisa linawaombea. Na kuhusu Yuda mwenyewe, Papa Benedikto XVI alisema katika katekesi yake ya tarehe 18 Oktoba 2006 kuwa si kazi yetu kulihukumu tendo lile na kujiweka mahali pa Mungu mwenye huruma na haki.

Mafrateri wenzangu watanielewa nikisema kwamba ukaguzi wa mada hauwezi kufanywa na orodha ya mtandaoni. Unataka mtu anayejua Kanisa linafundisha nini, ili aone filamu inapoachana na mafundisho hayo au inapoyanyamazia. Sikukusudia kumhubiria dada yule. Nilitaka tu niwe na jibu mkononi kama angeuliza.

Kipande cha pili nilichokirudia ni cha mijeledi, nacho nilikirudia kwa ajili ya wote. Kiko karibu na katikati ya filamu na, ukihesabu na vipande vinavyokikatiza, kinachukua karibu dakika kumi. Kwanza ni fimbo, kisha mijeledi yenye vipande vya chuma vinavyoshika nyama na kuichana. Baada ya hapo kamera inaondoka. Inamfuata Bikira Maria akienda pembeni, inaonyesha nyuso za waliokuwepo, inarudi nyuma kwenye kumbukumbu. Ukikagua kwa macho tu utaandika kwamba nusu ya kipande hiki ni salama. Lakini kipigo bado kinasikika. Hapo ndipo spika zinapohusika. Kwenye laptopu usiku ule kilikuwa sauti ndogo ya nyuma. Kwenye spika za ukumbi wa parokia, ambazo zilinunuliwa kwa ajili ya kwaya na hazijui kusema kwa upole, kila pigo lilitikisa viti vya plastiki. Nilitoka nje hadi kwenye mwarobaini, hatua kama 40 hivi, na bado nilikuwa nahesabu mapigo. Mtu aliyewahi kupigwa vibaya, iwe nyumbani au popote, akifumba macho hapo hajajiokoa na lolote. Kumwambia atoke nje nako hakutoshi kama nje ni barazani tu. Lazima ujue mahali sauti inapokoma.

Cha tatu kilinishtua kwa sababu hakina jeraha. Yesu anaanguka na msalaba, na Maria, ambaye alikuwa amesimama hana nguvu ya kumsogelea, anamkumbuka Yesu akiwa mtoto mdogo aliyejikwaa na kuanguka, naye akakimbia kumwinua. Anakimbia tena sasa. Basi. Hakuna orodha itakayoandika hapo “tahadhari”. Lakini ukumbini kwetu walikuwepo mama wasiopungua wanne waliowazika watoto. Kukiondoa kipande hiki lingekuwa kosa, maana ndicho kizuri kuliko vyote katika filamu hiyo kwa maoni yangu, na machozi yake ni ya namna nyingine. Nilikiandika tu daftarini, pamoja na majina ya mama hao, ili nijue nani akae karibu nao.

Siku ya Jumapili ya Matawi, baada ya Misa, nilikaa na yule dada. Sikumpa daftari zima. Nilimwambia kuna kipande kimoja kinachohusu neno alilolitaja, kinamhusu Yuda, na nikamuuliza kama anataka kukijua kwa undani au anataka tu kujua kipo wapi. Wengine hawataki undani, maana maelezo yenyewe yanakuwa picha. Yeye alitaka. Maswali yake yalikuwa mafupi na ya moja kwa moja: Kamba inaonekana? Ndiyo, kwanza kwenye mzoga. Anaonekana akifunga? Nikaangalia nilichoandika, nikamjibu. Anaonekana akining'inia? Ndiyo, kwa muda mfupi. Inachukua muda gani tangu mwanzo? Nikamsomea dakika. Ndiyo sababu nasisitiza kuandika. Nisingekuwa na daftari ningesema “nadhani”, na mtu aliye katika hali ile hawezi kuegemea “nadhani” yako.

Kulikuwa na njia kadhaa mbele yetu. Tungeweza kubadilisha filamu kabisa. Ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979, ambayo wengi tumeiona vijijini kwa Kiswahili, imefuata Injili ya Luka, na Luka hasimulii kifo cha Yuda katika Injili yake bali katika Matendo ya Mitume. Ni ya upole zaidi pia katika mateso. Ingawa, kwa kuwa ilitengenezwa na ndugu zetu Waprotestanti kwa ajili ya uinjilishaji wao, nayo inataka mtu aipitie kabla, kwa sababu nyingine. Tungeweza kuiruka sehemu ya Yuda kwa watu wote, nami nilikuwa tayari. Yeye ndiye aliyekataa. Hakutaka ukumbi mzima ujiulize kwa nini filamu imerukwa, kwa maana wangejiuliza kisha wangemtazama yeye. Hilo nisingelifikiria peke yangu. Akachagua kuja kuanzia kwa Pilato, kana kwamba amechelewa kwa sababu ya kazi za nyumbani. Mama mmoja wa jumuiya yake angempitia nyumbani, wakae mpaka wapate ujumbe wangu kwenye simu, kisha watembee pamoja.

Mpango mzuri unaweza kuharibiwa na mambo madogo sana ya ufundi, na kwetu Singida la kwanza ni umeme. Ukikatika na kurudi, mwendesha projekta anaifungua filamu upya na kuanza kuitafuta sehemu kwa kuburuta kile kialama cha chini, mbele na nyuma, huku kila picha inatupwa ukutani kwa watu wote. Kwa kuburuta hivyo Yuda angeweza kurudi mara mbili, na dada wa watu ameshaketi. Kwa hiyo nilimwomba yule kijana mambo mawili. Kwanza, umeme ukirudi, aifunike lenzi ya projekta kwa kipande cha boksi mpaka apate mahali sahihi. Pili, asiburute. Katika VLC ukibonyeza Ctrl + T kinafunguka kidirisha cha kuandika dakika unayoitaka, na filamu inaruka hapo moja kwa moja. Alikuwa ameitumia programu hiyo kwa miaka bila kukijua kidirisha hicho. Nilimwachia karatasi yenye dakika tano za kuanzia upya, kila moja ikiwa mahali palipotulia.

La pili ni giza. Mwezi ule jua lilikuwa bado lipo saa kumi na mbili jioni, na madirisha ya ukumbi hayana mapazia. Tuliyafunika kwa turubai, lakini mlango mmoja tuliuacha wazi kwa makusudi, na viti viwili vya karibu na mlango huo viliwekwa vitenge kuonyesha vina wenyewe. Mtu akitaka kutoka asilazimike kukatiza mbele ya projekta na kivuli chake kupita juu ya Msalaba.

Jioni ile tulichelewa kuanza kwa dakika 25, kama kawaida. Nilituma ujumbe Pilato alipoonekana. Waliingia wawili, wakasalimu kwa sauti ndogo, wakaketi kwenye vile viti. Kipande cha mijeledi kilipoanza yule mama alimnong'oneza kitu, naye akatikisa kichwa kukataa, alibaki. Umeme haukukatika. Pale Maria anapokimbia alifunika uso kwa khanga na mabega yake yakawa yanatikisika, na mama yule hakufanya lolote ila kuuweka mkono wake juu ya goti lake.

Baada ya sala ya kufunga alibaki kusaidia kupanga viti. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida tu, Kanisa linasema nini kuhusu Yuda. Tulikaa pale pale mlangoni. Nilimsomea namba 2283, kisha akaniomba nimwandikie namba hiyo kwenye karatasi ampelekee mama yake.